Stetimenti ya kikundi: jinsi ya kukagua salio mstari kwa mstari

Katika mikutano mingi ya vikundi vya maji, vya kina mama na vya vijana, stetimenti ya benki husomwa kwa namna moja. Mweka hazina huinua karatasi, hutaja salio la mwisho, karatasi huzungushwa, kila mmoja huangalia ile namba ya chini kabisa, kisha mkutano huendelea na ajenda inayofuata. Mistari iliyo juu ya namba hiyo haiguswi. Na hapo ndipo shilingi elfu kumi zinaweza kupita mbele ya watu thelathini bila mmoja wao kuziona.

Ipo njia ya kuikagua karatasi hiyo hapo hapo mkutanoni. Haihitaji mhasibu wala kompyuta. Inahitaji kikokotoo, hata kile cha simu, na mtu mwenye subira ya robo saa. Kazi yenyewe ni kupiga upya hesabu ya salio kwa kila mstari, kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho, na kuona kama kila salio lililoandikwa ndilo linalopaswa kuwa pale.

Inawezekana kwa sababu ya jinsi stetimenti inavyotengenezwa. Kila mstari una salio lake, na salio hilo hutokana na mstari uliotangulia: salio la juu, ongeza pesa zilizoingia, ondoa pesa zilizotoka, unapata salio la mstari huu. Mashine ya benki hufanya hesabu hiyo kila pesa zinapoingia au kutoka. Kwa hiyo stetimenti ni kama mnyororo, kila pete imeshika ile iliyo kabla yake. Mtu akibadilisha namba moja na kuacha nyingine zilivyo, pete mbili hazishikani tena.

Mfano ufuatao umetungwa kwa ajili ya maelezo haya, lakini msomaji yeyote aliyewahi kukaa kwenye kamati ya maji ataujua. Kikundi kinaendesha kisima chenye pampu ya umeme na kioski cha kuuzia maji. Mauzo ya wiki hupelekwa benki, na benki ndiko zinakotoka pesa za stima, mabomba, fundi na mshahara wa mhudumu wa kioski. Hii ndiyo stetimenti ya mwezi wa Machi kama ilivyotoka benki:

| Tarehe | Maelezo | Zilizoingia | Zilizotoka | Salio |
|---|---|---|---|---|
| 1 Machi | Salio la kuanzia | | | 84,350 |
| 3 Machi | Mauzo ya maji | 12,600 | | 96,950 |
| 5 Machi | Hundi, mabomba | | 38,400 | 58,550 |
| 5 Machi | Ada ya benki | | 120 | 58,430 |
| 10 Machi | Mauzo ya maji | 13,250 | | 71,680 |
| 12 Machi | Stima | | 9,800 | 61,880 |
| 17 Machi | Mauzo ya maji | 11,900 | | 73,780 |
| 19 Machi | Fundi wa pampu | | 27,500 | 46,280 |
| 24 Machi | Mauzo ya maji | 14,100 | | 60,380 |
| 28 Machi | Mshahara, kioski | | 15,000 | 45,380 |
| 31 Machi | Ada ya akaunti | | 350 | 45,030 |

Mkaguzi huandika 84,350 kwenye kikokotoo. Anaongeza 12,600 na kupata 96,950, anaangalia karatasi, imeandikwa 96,950. Mstari umekubali, anaweka alama ya penseli pembeni. Anaondoa 38,400, anapata 58,550. Umekubali. Anaondoa 120, anapata 58,430. Anaendelea hivyo hadi chini. Mistari yote kumi hukubali, na ya mwisho humfikisha kwenye 45,030. Hiyo ni stetimenti ambayo hesabu yake imesimama kutoka mwanzo hadi mwisho.

Sasa tuseme kwamba karatasi iliyoletwa mkutanoni si hiyo. Kamati ilikuwa imeidhinisha fundi alipwe 17,500 na hivyo ndivyo ilivyoandikwa kwenye kumbukumbu za mkutano. Pesa zilizotoka benki, hata hivyo, ni 27,500. Aliyetaka kuficha tofauti hiyo alipiga nakala ya stetimenti, akageuza ile 2 ya mwanzo kuwa 1, kisha akapiga nakala nyingine juu yake ili alama za kufuta zisionekane. Kwa macho, karatasi ni safi. Malipo ya fundi yanalingana na kumbukumbu, na salio la mwisho bado ni 45,030, lile lile ambalo benki itataja kamati ikiuliza.

Kijana aliyepewa kikokotoo anapofika tarehe 17 Machi ana 73,780. Anaondoa 17,500 na kupata 56,280. Karatasi inasema 46,280.

"Mama Mwenyekiti, mstari huu umekataa," anasema.

"Rudia kwanza, mwanangu, huenda umebonyeza vibaya," anajibiwa, na hilo ndilo jibu sahihi. Anarudia. Bado 56,280. Tofauti ni 10,000 kamili.

Hapa kuna jambo dogo linalowachanganya wengi. Mkaguzi akiendelea kushuka na ile 56,280 yake, kila mstari ulio chini utaonekana mbaya, wote kwa 10,000 ile ile, na atadhani stetimenti nzima imeharibika. Afanye hivi badala yake: aandike tofauti hiyo pembeni mwa mstari, afute kikokotoo, kisha aanze upya na salio lililochapishwa, yaani 46,280. Anaongeza 14,100, anapata 60,380, mstari umekubali. Yote iliyobaki itakubali pia. Sasa anajua kwamba kosa ni moja tu, liko tarehe 19 Machi, na ni la shilingi 10,000. Kila mstari umepimwa peke yake dhidi ya ule ulio juu yake, bila kubeba lawama ya mwingine.

Baadhi ya waweka hazina hupendelea njia ya mkato. Huchukua salio la kuanzia, wakaongeza jumla ya zote zilizoingia, wakaondoa jumla ya zote zilizotoka, na kuona kama wanafika kwenye salio la mwisho. Kwa stetimenti halisi ya hapo juu, zilizoingia ni 51,850 na zilizotoka ni 91,170. Chukua 84,350, ongeza 51,850, ondoa 91,170, unapata 45,030. Njia hii ni nzuri kwa kuanzia, na ingeinasa ile karatasi iliyobadilishwa, kwa kuwa ingefika 55,030. Lakini ina mlango wa nyuma. Mtu aliyegeuza 27,500 kuwa 17,500 akigeuza pia mauzo ya tarehe 24 kutoka 14,100 hadi 4,100, zilizoingia zimepungua kwa 10,000 na zilizotoka zimepungua kwa 10,000. Jumla inarudi 45,030, na njia ya mkato inapitisha karatasi. Mstari kwa mstari, karatasi hiyo hukataa mara mbili: tarehe 19 hesabu inazidi salio lililochapishwa kwa 10,000, na tarehe 24 inapungua kwa 10,000. Ndiyo sababu wakaguzi hawaridhiki na jumla peke yake.

Mstari unapokataa, ukubwa wa tofauti na idadi ya mistari iliyokataa husema mengi kuhusu kilichotokea. Mstari mmoja tu ukikataa, na yote iliyo chini ikakubali, basi ama kiasi kwenye mstari huo si sahihi, kama katika mfano wa fundi, ama kuna mstari ulioondolewa juu yake. Kutofautisha hayo mawili si vigumu. Tuseme mstari wote wa tarehe 19 Machi umefichwa kwa kipande cha karatasi wakati wa kupiga nakala. Mkaguzi atatoka 73,780 moja kwa moja hadi mauzo ya tarehe 24: anaongeza 14,100 na kupata 87,880, ilhali karatasi inasema 60,380. Tofauti ni 27,500. Kiasi kilichofichwa kimejitaja chenyewe. Ukurasa mzima ukikosekana hutokea vivyo hivyo, ila tofauti huwa ni mchanganyiko wa yote yaliyoingia na kutoka kwenye ukurasa huo. Kwa hiyo kabla ya kumshuku mtu, mkaguzi ahesabu kurasa kwanza. Stetimenti nyingi huandika namba ya ukurasa na idadi ya kurasa zote, na ukurasa wa tatu ulioachwa kwenye mashine ya kupiga nakala umeshawahi kusababisha ugomvi usio na maana katika kikundi zaidi ya kimoja.

Mistari miwili iliyofuatana ikikataa kwa kiasi kimoja, mmoja ukizidi na mwingine ukipungua, huenda kilichoguswa ni salio lenyewe. Mtu anayetaka kuonyesha kwamba kikundi kilikuwa na pesa nyingi siku fulani, labda kwa sababu fomu ya mkopo au ya ruzuku inauliza, anaweza kugeuza 61,880 ya tarehe 12 Machi kuwa 81,880. Hesabu ya mstari huo inaleta 61,880, karatasi ina 81,880, imepungua kwa 20,000. Mstari unaofuata, 81,880 na 11,900 ni 93,780, karatasi ina 73,780, imezidi kwa 20,000. Kisha kila kitu kinatulia. Hakuna pesa iliyoingia wala kutoka kwa namna ya ajabu; ni namba moja ya salio iliyopakwa rangi.

Kuna pia makosa yasiyo na nia mbaya, na haya hutokea zaidi kwenye daftari la kikundi au pale katibu anaponakili stetimenti kwa mkono. La kwanza ni tarakimu kubadilishana nafasi. Mauzo ya 13,250 yakiandikwa 12,350, tofauti ni 900, na 900 hugawanyika kwa 9 bila kubaki kitu. Tarakimu mbili za jirani zikibadilishana nafasi, tofauti daima hugawanyika kwa 9. Hii ni ishara tu, si ushahidi, kwa sababu kuna namba nyingine nyingi zinazogawanyika kwa 9, lakini huokoa muda: mkaguzi hurudi kwenye mstari huo na kutafuta tarakimu zilizopishana kabla ya kutafuta kitu kingine. La pili ni kiasi kuandikwa kwenye safu isiyo yake. Mauzo ya 14,100 yakiingizwa kwenye safu ya zilizotoka, tofauti huwa 28,200, mara mbili ya kiasi chenyewe. Mkaguzi akiona tofauti ambayo nusu yake ni namba iliyo kwenye mstari huo, amepata jibu.

Vikundi vingi siku hizi hutunza pesa kwenye laini ya M-Pesa kabla ya kuzipeleka benki, au hata bila kuzipeleka. Stetimenti ya M-Pesa hukaguliwa kwa hesabu ile ile, lakini ina tabia zake mbili ambazo mkaguzi asiyezijua ataona makosa pasipo na makosa.

Tabia ya kwanza ni kwamba orodha huanza na malipo ya karibuni zaidi, yale ya zamani yako chini. Salio la kila mstari hutokana na mstari ulio chini yake, si ulio juu. Njia rahisi ni kwenda kwenye ukurasa wa mwisho na kupanda kuelekea juu. Safu zake huitwa `Paid In`, `Withdrawn` na `Balance`. Kwenye baadhi ya stetimenti kiasi kilichotoka huandikwa tayari na alama ya kutoa mbele yake; basi mkaguzi asiiondoe mara ya pili.

Tabia ya pili ni ada. Mtu akituma pesa, kiasi kilichotumwa kina mstari wake na ada ina mstari wake, na yote miwili ina namba moja ya risiti na saa ile ile hadi sekunde. Tuseme salio lilikuwa 3,200, zikatumwa 1,000, ada ikawa 13. Salio la kwanza litakuwa 2,200 na la pili 2,187. Mistari hii miwili ikipinduliwa, kama inavyoweza kutokea mtu anapoipanga upya kwenye kompyuta kwa kufuata saa, hesabu hukataa mara tatu mfululizo. Ada inaonekana imezidi kwa 1,000, malipo yanaonekana yamepungua kwa 1,013, na mstari unaofuata unazidi kwa 13. Ukizijumlisha, 1,000 toa 1,013 ongeza 13, unapata sifuri. Tofauti zilizo karibu karibu zinazofutana hadi sifuri, kwenye mistari yenye saa moja, karibu kila mara ni suala la mpangilio. Mistari irudishwe katika nafasi zake na hesabu ipigwe tena.

Stetimenti ya benki nayo ina kitu kama hicho. Baadhi huonyesha tarehe mbili, ile ambayo malipo yaliandikwa kwenye akaunti na ile yalipoanza kuhesabiwa kuwa pesa halali za mteja, hasa kwa hundi. Salio hufuata mpangilio wa kuandikwa. Tarehe ya pili inaweza kurudi nyuma bila kosa lolote, na mkaguzi afuate mpangilio wa mistari jinsi ilivyochapishwa. Akaunti ikiwa na deni, salio huwa na alama ya kutoa au herufi `DR` mwishoni, na hapo pesa zinazoingia hupunguza deni kwanza kabla ya kuwa salio la kawaida.

Kwa kikundi chenye mamia ya mistari, kikokotoo huchosha, na aliyechoka hubonyeza vibaya. Katibu mwenye kompyuta anaweza kuingiza stetimenti kwenye jedwali la Excel: tarehe safu ya A, maelezo B, zilizoingia C, zilizotoka D, salio lililochapishwa E. Salio la kuanzia likae kwenye E2. Kisha kwenye F3 aandike:

```
=ROUND(E2+C3-D3-E3,2)
```

na kuivuta chini hadi mwisho. Fomula hiyo huchukua salio la juu lililochapishwa, huongeza, huondoa, kisha huondoa salio lililochapishwa la mstari huo. Safu ya F inapaswa kuwa sifuri tupu. Namba yoyote isiyo sifuri ndiyo tofauti ya mstari huo, na kwa kuwa kila mstari hutumia salio lililochapishwa la mstari wa juu, kosa moja halisambai. Neno `ROUND` lipo kwa sababu kompyuta hubeba masalia madogo mno ya senti, na bila hilo sifuri ingeweza kuonekana kama namba ndefu ya ajabu. Kwa stetimenti inayoanza na malipo ya karibuni, kama ya M-Pesa, kinachobadilika ni kwamba E2 inakuwa E4, yaani mstari wa chini. Na ikiwa zilizotoka zina alama ya kutoa tayari, zijumlishwe badala ya kuondolewa.

Jambo moja la kuangalia kwenye kompyuta: namba zilizonakiliwa kutoka kwenye faili wakati mwingine huingia kama maneno. Hujitambulisha kwa kukaa upande wa kushoto wa kisanduku badala ya kulia, na ukitumia `SUM` kuzijumlisha, huzirukia bila kusema neno. Jumla inayoonekana ndogo kupita kiasi mara nyingi chanzo chake ni hicho.

Mkaguzi aliyefika mwisho na sifuri tupu amethibitisha nini hasa? Amethibitisha kwamba karatasi haijipingi yenyewe. Hajathibitisha kwamba karatasi ni ya kweli, na tofauti kati ya hayo mawili ni kubwa. Aliyebadilisha malipo ya fundi kuwa 17,500 anaweza kuwa mwerevu zaidi. Anaweza kuiandika upya stetimenti nzima kwenye kompyuta na kusahihisha kila salio lililo chini: 46,280 inakuwa 56,280, 60,380 inakuwa 70,380, 45,380 inakuwa 55,380, na mwisho 55,030. Karatasi hiyo itakubali mstari kwa mstari. Hesabu peke yake haiwezi kuikamata.

Lakini imelazimika kulipa gharama. Ili mnyororo usikatike, uongo wa tarehe 19 umesukumwa hadi kwenye salio la mwisho, na sasa karatasi inadai kikundi kina 55,030 ilhali benki ina 45,030. Hilo linaweza kuulizwa. Yeyote kati ya wenye saini anaweza kuingia benki na kitambulisho chake na kuuliza salio la tarehe 31 Machi, au kuomba stetimenti mpya mwenyewe. Pia stetimenti ya Aprili itaanza na salio la kuanzia, na salio hilo ni lazima liwe sawa na salio la mwisho la Machi. Kikundi kinachoweka stetimenti zote kwenye faili moja kinaweza kuunganisha mwezi na mwezi kwa namna ile ile ya mstari na mstari. Aliyeghushi Machi atalazimika kughushi Aprili, na Mei, na kila mwezi hadi arudishe zile 10,000 kwa siri au agundulike.

Kwa hiyo ukaguzi una ncha tatu: salio la kuanzia lilingane na salio la mwisho la mwezi uliopita, kila mstari ukubali, na salio la mwisho lithibitishwe na benki yenyewe, si na karatasi iliyopitia mikononi mwa mtu anayekaguliwa. Ncha ya kati ndiyo hesabu iliyoelezwa hapa. Zile mbili za pembeni ndizo zinazoifunga kwenye dunia halisi.

Hata hapo kuna kitu ambacho stetimenti haiwezi kusema. Ile halisi, iliyokubali mistari yote kumi na kuthibitishwa na benki, inaonyesha kwamba 27,500 zilitoka tarehe 19 Machi. Haionyeshi kwamba fundi alizipokea zote. Wala haionyeshi mauzo ya maji ambayo hayakupelekwa benki kabisa. Hayo hutafutwa kwingine: kwenye risiti ya fundi, kwenye kumbukumbu za mkutano ulioidhinisha malipo, na kwenye mita ya kioski, ambayo huhesabu lita bila kujali nani ameshika daftari.

Mstari ukikataa mkutanoni, jambo la kwanza si kumkabili mweka hazina. Sehemu kubwa ya mistari inayokataa huwa ni kubonyeza vibaya, ukurasa uliopotea, au nakala hafifu ambayo 8 imefanana na 3. Hesabu irudiwe na mtu wa pili ambaye hajaambiwa jibu la wa kwanza. Ikikataa tena, katibu aandike kwenye kumbukumbu tarehe ya mstari, kiasi kilichochapishwa, kiasi kilichopatikana na tofauti, bila kuweka jina la mtu. Karatasi yenyewe ihifadhiwe jinsi ilivyo, bila kuandikwa juu yake zaidi ya alama za penseli. Kisha wenye saini wawili, na ikiwezekana mmoja wao asiwe mweka hazina, waombe benki stetimenti mpya ya kipindi kile kile na wairudishe mkutanoni ikiwa kwenye bahasha.

Karatasi mbili huwekwa pamoja mezani na kusomwa mstari kwa mstari, mmoja akisoma ile ya zamani na mwingine akifuata ile mpya. Zikilingana, basi mkosaji alikuwa ni macho au kikokotoo, na kikundi kimepoteza siku moja tu. Zisipolingana, mstari unaotofautiana ndio uliobadilishwa, na hapo si suala la hesabu tena. Kughushi hati ni kosa la jinai chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63 ya Sheria za Kenya, na karatasi zote mbili pamoja na ukurasa ule wa kumbukumbu ndizo zitakazohitajika.